Gunia la kilo ngapi? Maswali yenu kuhusu karatasi ya mauzo

Karatasi yetu inasema "mahindi safi, daraja la kwanza". Mnunuzi katuuliza: daraja la kwanza la nani? Tumekwama.

Neno "safi" lifuteni leo hii. Kila muuzaji huliandika, hata yule ambaye mahindi yake yamejaa vipande vya magunzi. "Daraja la kwanza" linaweza kubaki, ila lifuatwe na jina la kiwango mnachotumia, namba yake na mwaka wake, maana viwango hurekebishwa na daraja la zamani huenda lisiwe sawa na la sasa.

Chini yake wekeni vipimo vya mzigo wenyewe: unyevu, taka, punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu na zilizooza. Hapo ndipo wengi huteleza: wananakili kikomo kutoka kwenye kiwango na kukiita kipimo. Kama kikomo cha unyevu ni asilimia 13.5 na kipimo chenu kimesoma 12.8, andikeni vyote viwili, kila kimoja kwa jina lake.

Mnunuzi mzoefu atataka kujua pia sampuli ilitoka wapi. Mkichoma bambo kwenye magunia mawili ya mlangoni, hamjapima ghala. Kwa mzigo unaozidi magunia 100, utaratibu uliozoeleka ni kuchukua idadi inayokaribia kipeuo cha pili cha idadi ya magunia yote. Magunia 300 yatawapa 18, yachaguliwe huku na huko, yasiwe ya safu moja. Mstari mmoja unatosha: "Sampuli: magunia 18 kati ya 300, kwa bambo, tarehe fulani."

Na msiandike "haina sumukuvu". Sumu hiyo haisambai sawasawa; gunia moja linaweza kuwa nayo na la jirani likawa salama. Andikeni matokeo ya maabara, tarehe na namba ya mzigo uliopimwa, basi.

Ghalani tuna tani 30, lakini bado tunaanika. Tuandike tani 30?

Msiandike. Tuseme mahindi yako kwenye unyevu wa asilimia 15 nanyi mmeahidi 13.5. Katika kilo 30,000, maji ni kilo 4,500 na punje kavu ni kilo 25,500. Anika upendavyo, hizo 25,500 hazibadiliki. Kinachoondoka ni maji. Mahindi yakifika 13.5, punje kavu zitakuwa asilimia 86.5 ya uzito wote, kwa hiyo gawanya 25,500 kwa 0.865. Utapata kilo 29,480.

Kilo 520 zimekwenda na jua, na hapo hujapepeta wala kuondoa zilizooza. Mtu aliyeahidi tani 30 kamili atalazimika kutafuta magunia matano na zaidi siku ya kupakia, na siku hiyo huchukua chochote kilicho karibu. Ndiyo maana mnunuzi huyakuta mahindi ya rangi nyingine chini ya lori.

Mimi ningeandika: "Tani 29 za uzito wa nafaka bila gunia, zaidi au pungufu kwa asilimia 2, kwa hiari ya muuzaji." Maneno "zaidi au pungufu" yanawapa nafasi ya kupumua, na "kwa hiari ya muuzaji" yanasema nani ana haki ya kuitumia nafasi hiyo. Bila maneno hayo ya mwisho, kila upande utadai ni yake.

Halafu gunia. Karatasi ya kwanza niliyowahi kuihariri ilisema "magunia 300", nami nikaipitisha. Ushirika ulikuwa ukijaza kilo 90, mnunuzi akahesabu 100. Tofauti ilikuwa tani tatu, na hakuna aliyedanganya. Tangu hapo neno gunia silipitishi bila kilo zake, na jumla huandikwa kwa tani.

Tuliandika "bei ni pamoja na usafiri". Lori limelala siku mbili kwenye geti la mnunuzi bila kushushwa, na mwenye lori anatudai. Nani alipe?

Kwa maneno mliyoandika, mwenye lori atawashika ninyi, kwa sababu ninyi ndio mliomkodi. Kama mtaweza kumrudia mnunuzi ni jambo la kuzungumza, karatasi haiwasaidii. "Usafiri" linataja nauli tu. Halisemi nani apakie, nani ashushe, lori lisubiri kwa muda gani, wala mzigo ukilowa njiani ni hasara ya nani.

Kwenye kanuni za Incoterms 2020 kuna herufi tatu tatu zinazofupisha mambo haya. Mkiandika FCA na kutaja ghala lenu, mnapakia kwenye lori la mnunuzi, na kuanzia hapo hasara ni yake. Mkiandika DAP na kutaja ghala lake, mzigo ni wenu hadi lori lifike likiwa tayari kushushwa. Kushusha ni kazi yake. DPU inawabebesha na kushusha. Herufi bila jina la mahali hazina maana, na kanuni hizo haziwapangii saa za kusubiri. Hilo mliandike wenyewe.

Kwa mzigo kama wenu ningefuta mstari ule na kuweka hivi:

"DAP, ghala la mnunuzi (anwani kamili), Incoterms 2020. Mnunuzi atashusha ndani ya saa 12 tangu lori liripoti getini. Baada ya hapo gharama ya kusubiri ni ya mnunuzi, kwa kiwango kilichokubaliwa kwa siku. Uzito wa malipo ni wa mizani ya magari iliyotajwa hapa, lori likipimwa limejaa na likipimwa tupu."

Sentensi ya mizani msiiruke. Mizani mbili zikitofautiana kwa kilo 150, mtabishana hadi msimu ujao kama hamkutaja mapema ni ipi inayoamua. Dereva naye apewe karatasi ya kusainiwa getini yenye saa ya kufika. Bila saa hiyo, zile saa 12 hazina mwanzo.

Sisi tunauza parachichi. Haya ya unyevu yanatuhusu?

Kwa namna nyingine. Kwenu saizi ndiyo inayobeba bei, nayo huhesabiwa kwa idadi ya matunda kwenye katoni ya kilo 4: saizi 16 ni matunda 16, wastani wa gramu 250 kila moja; saizi 20 ni gramu 200. Kwa hiyo namba ikipanda tunda linapungua, jambo linalowachanganya waandishi wengi wa karatasi hizi. Msiandike "tani 10, saizi mchanganyiko". Gaweni tani kwa saizi, japo kwa makadirio, na mseme ni makadirio ya kabla ya kuchuma.

Mnunuzi ametuletea karatasi yetu ya msimu uliopita na anataka bei ile ile.

Ilikuwa na tarehe ya mwisho? Kama haikuwa nayo, mtamweleza kwa adabu kwamba mzigo ule uliisha, na pengine ataelewa. Juu kabisa ya karatasi mpya wekeni tarehe ya kutolewa, siku ambayo bei inakoma, na namba ya mzigo iliyo sawa na ile ya cheti cha maabara.