Profaili imefungwa, ukurasa wa duka je?

“Nauza dagaa na sato Kirumba, Mwanza. Profaili yangu ya Facebook imefungwa na ni mimi pekee niliyekuwa msimamizi wa ukurasa wa duka. Nifungue profaili mpya?”

Hapana dada, usifungue. Profaili mpya haikurudishii ukurasa, na sheria yao ni mtu mmoja, akaunti moja, kwa hiyo nayo inaweza kufungwa.

Pambania profaili kwanza, maana ndiyo inayobeba ukurasa. Ingia kwa namba na nywila zako za zamani. Ujumbe wa kufungwa una sehemu ya kukata rufaa. Una siku 180 tu. Zikipita, kufungwa kunakuwa kwa kudumu.

Shemeji yangu pale Mwaloni alijiita “Dagaa Bora” kwenye profaili, si jina lake, ikafungwa. Alipotuma picha ya kitambulisho cha NIDA, ilikataliwa: kona moja imekatika, tena flashi imefuta herufi. Akaipiga upya mchana, kadi nzima ikionekana, na safari hiyo ikapita. Akabadilisha jina, na ukurasa ukarudi pamoja na profaili.

Kama kuna mwenzio uliyempa ruhusa ya kujibu wateja tu, aendelee kuwajibu, ila hawezi kukuongeza wewe. Na vijana wanaodai “nina mtu ndani”, wakitaka utume pesa kwa simu kwanza, achana nao.

Ukirudi, siku hiyohiyo fungua mipangilio ya ukurasa, `Page access`, umwongeze mtu unayemwamini kwa udhibiti kamili. Mumeo au dadako, si kijana wa dukani.