Umekosa miadi na mtu wa heshima: unaombaje radhi na kupanga muda mwingine?

*Wakuu, jana saa nane mchana nilitakiwa kuonana na mama mmoja anayeweza kuniunganisha na kazi. Nikajinyoosha kidogo, usingizi ukanichukua, naamka saa tisa na nusu. Nimeandika "Samahani kwa usumbufu uliojitokeza, naomba uniambie lini utapata nafasi tuonane" ila sijatuma. Niutume hivyo, au nipendekeze muda mwenyewe?*

Mkuu, usiutume huo. "Usumbufu uliojitokeza" ni maneno ya tangazo la kukatika maji. Usumbufu haukujitokeza, umeuleta wewe, na mtu aliyekaa akikusubiri ataliona hilo kwenye mstari wa kwanza kabisa. Halafu hiyo "uniambie lini utapata nafasi" inaonekana ya adabu, kumbe unamrudishia kazi: afungue ratiba yake, atafute siku, akuandikie, yote kwa ajili ya mtu ambaye jana hakutokea.

Mimi yalinikuta mwaka juzi. Kulikuwa na mzee mmoja, mhasibu mstaafu, aliyekubali kunipitia mahesabu ya biashara yangu kabla sijapeleka maombi ya mkopo. Bure kabisa. Tukakubaliana Alhamisi saa nne, tukutane ofisini kwa rafiki yake. Nikaingiza kwenye kalenda ya simu "4:00". Simu nayo ikafuata saa zake: kengele ikalia saa kumi alfajiri, nikaizima nusu usingizini. Asubuhi nikaingia kwenye shughuli zangu nikijua kengele itanikumbusha. Saa tano kasoro nashika simu, nakuta amenipigia mara mbili.

Nilipiga mara moja, hakupokea. Sikurudia, kwa sababu mtu aliyekasirika akiona simu kumi anajisikia kuandamwa. Nikaanza kuandika. Rasimu ya kwanza ilikuwa na sentensi nane, tano zikieleza habari za kalenda na kengele. Dada yangu akaisoma, akanirudishia simu: "Mbona hadithi yote ni ya simu yako? Yeye yuko wapi humu ndani?"

Nikaifuta. Nilichotuma kilikuwa hiki:

> Shikamoo mzee. Naomba radhi kwa kutofika leo saa nne. Kosa ni langu: niliandika muda vibaya kwenye simu na sikuhakikisha. Najua ulitoka nyumbani kwa ajili yangu, na ukasubiri karibu saa nzima.
>
> Kama bado uko tayari kunipokea, safari hii nitakufuata mimi nyumbani. Nafikiria Jumatano au Alhamisi ijayo, saa nne asubuhi (10:00), kwa nusu saa tu. Kama siku hizo hazikufai, nitafuata utakayosema wewe. Na ukiona tuishie hapa, nitaelewa, na nashukuru kwa muda ulionipa.

Sababu ina mstari mmoja tu. Ukiongeza wa pili unaanza kujitetea. Na chagua neno lake kwa uangalifu. "Nilibanwa" maana yake ulikuwa na jambo kubwa kuliko yeye. "Mambo yaliingiliana" haisemi kitu. "Pole kwa kusubiri" ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu pole anapewa mtu aliyepatwa na jambo, na wewe ndiye uliyempatisha.

Sasa huo muda mpya, ambao watu wengi huutupia mwishoni bila kufikiri. Ile saa nne sikuibahatisha. Ndiyo saa aliyoichagua yeye mara ya kwanza, kwa hiyo nilijua inamfaa. Sikusema kesho, maana ukisema kesho unamtaka apangue mambo yake haraka ili kuziba pengo ulilochimba wewe. Siku sita mbele zilimpa nafasi. Nilitaja siku mbili, si tano, kwa sababu siku tano ni ratiba nzima anayotakiwa kuisoma. Mwanzoni tulipanga saa nzima, nikaomba nusu. Na mahali nikabadilisha: mara ya kwanza alitoka yeye, mara ya pili natoka mimi. Nadhani hicho ndicho kilichomgusa kuliko neno radhi lenyewe, ingawa hakuwahi kuniambia.

Hiyo 10:00 kwenye mabano ilitokana na kilichonikuta. Tunasema saa nne, simu zinasema kumi, na miadi mingi inafia hapo katikati. Siku hizi naandika zote mbili kila mara, hata kwa rafiki.

Ile sentensi ya "ukiona tuishie hapa" dada alitaka niitoe. Niliiacha na sijuti, ila inategemea unamwandikia nani. Kwa mtu aliyekuzidi umri au cheo inampa uhuru wa kukataa bila kuona aibu. Kwa rika lako inaweza kusikika kama unasusa.

Alijibu kesho yake jioni: "Jumatano. Yachapishe hayo mahesabu, macho yangu na simu hayaelewani." Basi. Hakuna nimekusamehe wala usijali. Hapo ndipo wengi tunapoharibu, tunaanza kuomba radhi upya hadi yeye ndiye alazimike kututuliza. Nilimjibu tu, "Nashukuru mzee. Jumatano saa nne nitakuwa mlangoni." Jumanne jioni nikamkumbusha kwa mstari mmoja. Jumatano nilifika robo saa kabla, nikakaa nje mpaka saa ikafika, kwa sababu kumgongea mtu mapema nako ni kumwingilia. Nusu saa ilipotimia nilisimama kuaga. Akanirudisha kwenye kiti, tukaenda saa moja na nusu, ila hiyo ilikuwa hiari yake.

Akikaa kimya, subiri siku tatu za kazi, kisha tuma ujumbe mmoja mfupi wa kuuliza kama zile siku zinamfaa. Usirudie radhi. Akinyamaza tena, acha. Na usimtumie mwaliko wa kalenda kabla hajakubali. Unapomfikia kwenye simu na kitufe cha kukubali au kukataa, unakuwa kama umeshaamua kwa niaba yake.

Kwako wewe kuna mambo mawili zaidi. Tayari imepita siku nzima, kwa hiyo kuchelewa kuandika nako kunahitaji kutajwa, kwa maneno machache. Na usingizi useme kama ulivyo. Najua inatia aibu, na najua kishawishi cha kuugua ghafla au kuzika ndugu. Lakini mama huyo anataka kukuunganisha na watu wake, na akija kusikia kwamba hakukuwa na msiba, hilo halina ujumbe wa kulirekebisha.

Ningekuwa wewe ningetuma hivi, sasa hivi, kabla ya kusoma majibu ya wengine humu:

> Shikamoo mama. Naomba radhi kwa kutofika jana saa nane, na kwa kukaa hadi leo bila kukuandikia. Nilipitiwa na usingizi. Kosa ni langu. Ulinitengea muda wako na nikakuacha unasubiri.
>
> Kama bado utapenda kuniona, naweza kuja popote ulipo Jumanne au Jumatano ijayo, saa nane mchana (14:00), kwa dakika ishirini. Siku nyingine yoyote utakayotaja nitaifuata.

Hizo siku zibadilishe kulingana na leo ni lini, angalau siku nne mbele. Na kengele weka mbili, ukiangalia vizuri kama ni mchana au usiku.