Usilipe kabla ya kuona hesabu

Swali la wiki: "Nimepigiwa simu na mtu anayesema anakusanya madeni kwa niaba ya kampuni iliyonikopesha. Anataka nilipe leo hii. Nifanyeje?"

Usilipe leo, na usikubali kiasi chochote kwenye simu. Mwambie kwa upole: "Nimekusikia. Nitumie madai yako kwa maandishi, nami nitakujibu kwa maandishi." Kabla hajakata, andika jina lake, kampuni yake, namba aliyopigia, mkopeshaji anayemtaja na kiasi anachodai. Namba ya siri na picha ya kitambulisho usimpe, kwa sababu matapeli nao hujiita wakusanya madeni.

Kisha mpigie mkopeshaji kwa namba iliyo kwenye mkataba wako, si ile uliyopewa na mpigaji. Uliza kama deni bado ni lao na kama mtu huyo wamemtuma wao. Ikiwa wameliuza, omba hati inayoonyesha limehamishiwa kwa nani. Jambo hili si la kupuuza: ukimlipa asiyestahili, deni lako linabaki palepale.

Katika barua yako omba nakala ya mkataba, taarifa ya mkopo tangu siku ya kwanza, na mchanganuo wa kiasi kinachodaiwa. Hapo kwenye mchanganuo ndipo makosa mengi hujificha. Tuseme unadaiwa 75,000, na mchanganuo unasema: salio la mkopo 40,000, riba 6,000, faini za ucheleweshaji 9,000, gharama za ukusanyaji 20,000. Fungua mkataba, upitie mstari mmoja mmoja. Salio na riba vinalingana. Faini, mkataba unasema ni 500 kwa mwezi na zisizidi miezi 6, kwa hiyo ni 3,000. Gharama za ukusanyaji hazitajwi popote katika mkataba. Anayezidai aonyeshe kifungu cha mkataba au sheria kinachomruhusu. Ukikagua risiti zako unakuta malipo ya 5,000, uliyoyafanya baada ya faili kupelekwa kwa mkusanyaji, hayakuingizwa. Deni halisi linakuwa 44,000. Jibu kwa barua ukionyesha hesabu hiyo, ambatisha nakala ya risiti, na asili ubaki nayo.

Kama deni ni la zamani, tazama tarehe kwanza. Sheria huweka ukomo wa muda wa kushtakiwa kwa deni. Katika nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza, deni la mkataba wa kawaida lina miaka 6. Lakini muda huo unaweza kuanza kuhesabiwa upya ukilipa hata kidogo, au ukiandika kwamba unakubali unadaiwa. Ndiyo maana mkusanyaji wa deni kuukuu hukubembeleza: "Tuma chochote tu, uonyeshe nia." Usitume, wala usiandike "nitalipa", mpaka upate ushauri wa mwanasheria au kituo cha msaada wa kisheria.

Mkusanyaji si mahakama wala si polisi. Hawezi kukufunga, na hana ruhusa ya kuingia nyumbani kwako kwa nguvu na kubeba vitu. Mali uliyoweka dhamana ni habari nyingine: mkataba na sheria vinaweza kumruhusu mkopeshaji kuichukua kwa utaratibu maalumu, kwa hiyo soma kifungu cha dhamana mapema. Kuwapigia ndugu au mwajiri wako na kuwatangazia deni lako ni jambo ambalo sheria nyingi za mikopo na za ulinzi wa taarifa binafsi hulikataza, ila mdhamini wako anaweza kufuatwa. Akikutisha au kukutukana, hifadhi ujumbe wenyewe ukiwa na tarehe na saa, kisha peleka malalamiko kwa mkopeshaji, na usiposikilizwa, kwa mamlaka inayosimamia wakopeshaji.

Kuna karatasi moja ambayo huruhusiwi kuinyamazia hata kama deni si lako: samansi ya mahakama. Ithibitishe katika masijala ya mahakama iliyotajwa, kwa namba ya kesi, na uwasilishe utetezi ndani ya siku zilizoandikwa. Ukikaa kimya, mdai anaweza kupewa hukumu ya upande mmoja, na hapo dalali wa mahakama atakuja akiwa na amri halali mkononi.

Ukiwa unadaiwa kweli, na huna 44,000 kwa mkupuo, toa kwanza matumizi ya lazima kwenye kipato chako, ndipo utaje kiwango cha mwezi. Kama kinachobaki ni 4,000, sema 4,000. Ukiahidi 10,000 kwa woga, mwezi wa pili tu utavunja makubaliano na faini zitarudi. Makubaliano yaandikwe na kusainiwa, yataje kama riba na faini zinasimama, na kama ni punguzo, yaseme wazi kwamba kiasi kilichobaki kimefutwa. Lipa kwenye akaunti ya kampuni, kamwe si kwenye simu ya mtu binafsi. Ukimaliza, dai barua ya kuthibitisha kwamba deni limeisha, na hakikisha taarifa zako katika kumbukumbu za mikopo zimerekebishwa.