Nimeze eneo lake au nilipunguze tu?

"Nacheza Go kwa mawe meupe, na Mweusi ana mawe Q4, Q10, Q16 na K4. Upande wote wa kulia unaonekana wake. Niingie hadi wapi?"

Salaam ndugu. Kabla ya kugusa jiwe, hesabu. Tuseme una pointi 55 za uhakika, na komi, pointi 6.5 anazopewa Mweupe kwa kuwa Mweusi huanza, inakufikisha 61.5. Yeye ana 10 kwingineko. Ukimpunguza akabaki na 45 kulia, jumla yake ni 55 na unashinda. Hapo kuingia ndani kabisa ni hatari isiyo na faida.

Kupunguza kuna mpaka wake. Vuta mstari wa kufikirika kutoka Q16 hadi K4, utapita juu ya N10. Mimi ningecheza papo hapo, mkabala na Q10. Akikushambulia, nyuma yako kati ya ubao iko wazi, unaruka na kutoka.

Hesabu ikikataa, ndipo uingie, ila angalia kwanza kama pana nafasi ya macho mawili, yaani matundu mawili tupu ndani ya mawe yako yanayoyafanya yasitekwe. Niliwahi kutumbukia R7 katika mpangilio kama huu. Kila nilikojitanua nilikutana na Q4 au Q10, nikakimbia bila makao, naye akajenga ukuta huku akinifukuza. Kwenye kona ni tofauti: R17, kati ya Q16 iliyo peke yake na kona, kwa kawaida unaishi. Gharama ni kwamba anapata ukuta unaotazama kati, kwa hiyo N10 inafaa iwe imeshachezwa. Ila akishaongeza jiwe R17 mwenyewe, kona hiyo isahau.