Kabla ya kununua kioo cha kale, kigeuze

Kioo changu cha kwanza "cha kale" nilikinunua Mji wa Kale, Mombasa, kwa shilingi 18,000. Madoa meusi yalikuwa yametapakaa uso mzima, katikati kama pembeni, na kwangu huo ulikuwa ushahidi tosha. Nilipofika nyumbani ndipo nikakigeuza. Nyuma palikuwa na plaiwudi iliyopakwa chai au kitu kama chai ili ionekane kuukuu, na chini yake rangi ya kijivu ya kiwandani imekwanguliwa na kutiwa dawa hapa na pale. Muuzaji nilimlaumu mwezi mzima, lakini kosa lilikuwa langu.

Hapa kwetu madoa ni shahidi dhaifu. Fedha iliyopakwa nyuma ya kioo huharibiwa na unyevu, na hewa ya pwani ina unyevu na chumvi juu yake. Kioo cha bafuni kwa jirani yangu kina miaka kumi na ushei tu na kingo zake zimeshaliwa zikawa nyeusi. Kwa hiyo usijiulize kama kuna madoa. Jiulize yamekaa wapi, na kwa nini yakae hapo.

Nilijifunza hilo nyumbani kwa shangazi, Kibokoni, kwenye kioo kirefu kilichokuwa cha mama mkwe wake. Uso wake una mistari miwili ya giza iliyosimama wima, na kwa chini kuna utepe mpana wa kutu-kutu. Shangazi alidhani kimepasuka kwa ndani. Tulikilaza kifudifudi juu ya godoro, tukakuta nyuma mbao tatu zilizopangwa kusimama. Nilipima: kila ubao una upana wa sentimita 19, na mistari ile imepita palepale mbao zinapokutana. Mbao hukauka na kujikunja, mwanya ukafunguka, hewa na vumbi vikapenya humo miaka nenda miaka rudi. Ule utepe wa chini ni pale unyevu unapotuama. Mtu anayemwaga dawa ili kughushi madoa hakumbuki kufuata mianya ya mbao.

"Sasa mwanangu, ni cha lini?" akauliza.

Tulitoa ubao mmoja polepole. Upande uliotazama nje umekuwa kahawia iliyokolea, ila upande wa kioo umebaki mweupe-mweupe kwa sababu haukupata hewa. Ubao uliopakwa rangi kwa hila huwa na rangi moja pande zote, na ukiukwangua kwa ukucha utaona mbao mpya chini yake. Tundu za misumari zilikuwa moja kwa kila msumari, kila moja na duara la kutu. Ukikuta tundu tupu zisizo na msumari, ubao huo umetolewa kwingine, au umeshawahi kufunguliwa.

Mgongo wa kioo chenyewe ulikuwa na rangi nyekundu ya kahawia. Hiyo ni kinga ya mpako wa fedha, na mpako huo ulianza kutumika viwandani katikati ya karne ya 19, baada ya mkemia Mjerumani Liebig kuonyesha njia yake mwaka 1835. Vya kabla ya hapo vilipakwa bati na zebaki: mgongo hauna rangi, una mng'ao wa bati, na karatasi nyeupe ikiwekwa mbele huonekana ya kijivu. Ukikutana nacho usikwangue wala usipitishe mashine ya kufyonza vumbi, zebaki ni sumu.

Kisha tulikisimamisha mbele ya dirisha lenye nondo. Niliposogeza kichwa taratibu, nondo zilicheza kama ziko majini. Vioo vya siku hizi vimelala sawa, maana tangu kampuni ya Kiingereza ya Pilkington itangaze njia yake ya kumwaga kioo juu ya bati iliyoyeyuka, mwaka 1959, mawimbi yalianza kutoweka. Lakini tahadhari: kioo cha kale kilichosagwa na kung'arishwa kwa gharama huwa sawa pia. Mawimbi yanakuambia ni cha kabla ya njia ile kuenea, kukosekana kwake hakukuambii kitu.

Ukingo wa mshazari ulikuwa wa mwisho. Nilipitisha ukucha: haukunasa, mteremko ulikuwa mdogo na upana wake ukibadilika kidogo kila kona. Kazi ya mkono. Mashine huchonga kona kali, mshazari wenye upana uleule kutoka mwanzo hadi mwisho.

Nilimjibu shangazi kuwa ni cha mwisho wa karne ya 19 au mwanzo wa ya 20, na sikuthubutu kutaja mwaka. Akaridhika, akataka fundi akipake fedha upya kiwe safi. Nilimkataza. Mbao tukazirudisha kwa mpangilio wake uleule, kwa misumari yake, na kioo kikarudi ukutani na mistari yake.