Pensheni iliyokatwa PAYE: msifaili Nil Return

"Mama ni mwalimu mstaafu, ana miaka 69. Pensheni yake ilikatwa kodi 2022 na 2023. Karani wa saiba anasema tufaili Nil Return tu. Ni sawa?"

Simama hapo hapo, mwanangu, usibonyeze kitu! Hiyo Nil Return ndiyo iliyozika pesa zangu.

Nilifundisha shule ya binafsi, nikastaafu na pensheni ya shilingi 57,000 kwa mwezi. Wakati huo, mstaafu wa chini ya miaka 65 alisamehewa kodi kwenye 25,000 za kwanza. Zangu 32,000 zilizobaki zilitozwa 4,400, ukitoa nafuu ya 2,400 nakatwa 2,000. Hilo lilikuwa halali. Lakini ukifika miaka 65 pensheni haitozwi kodi hata senti, na mimi nilifika Desemba 2021. Makato yakaendelea. Nilipodai kuonyeshwa rekodi yangu nikakuta nimezaliwa 1966 badala ya 1956. Mtu amekosea tarakimu moja, na hakuna aliyejiuliza mwalimu huyu alistaafuje akiwa na miaka 50!

Hilo la tarehe lilirekebishwa kwa barua na nakala ya kitambulisho. Kazi ilikuwa kurudishiwa 48,000 za miaka miwili. Karani aliyenifailia alikuwa ameniambia, "Mwalimu, mstaafu hana mapato, weka Nil." Bado nina hasira naye, kwa sababu alilipwa kwa kazi asiyoijua na P9 yangu, karatasi ya makato ya mwaka kutoka kwa mlipa pensheni, ilikuwa mezani kwake, safu ya PAYE imejaa 2,000 Januari mpaka Desemba. Nil Return ni tamko kwamba hukupata kitu wala hukukatwa kitu. KRA itakurudishiaje kodi ambayo wewe mwenyewe umesema hukulipa?

Ilibidi kila mwaka ufunguliwe upya kwenye iTax kupitia "File Amended Return". Pensheni haikuingizwa kama mapato ya kutozwa, ila kodi iliyokatwa iliandikwa kwenye sehemu ya PAYE kama ilivyo kwenye P9, pamoja na PIN ya aliyeikata. Hesabu ikatoka: kodi inayodaiwa sifuri, iliyolipwa 24,000, kwa hiyo kuna ziada. Ziada hiyo ndiyo unayoiombea marejesho, ukiambatisha P9, kitambulisho na barua ya mlipa pensheni inayokiri kosa la tarehe. Walinihoji kuhusu barua hiyo, kisha pesa zikaingia benki.

Kwa hiyo dai P9 za mama kabla hamjafaili chochote. Ikiwa safu ya PAYE ina hata shilingi moja, Nil Return isiguswe. Kama 2022 ilishafailiwa hivyo, anzeni na mwaka huo, maana dai la marejesho hupokelewa ndani ya miaka 5 tangu kodi ilipolipwa, na makato ya Januari 2022 yanafikia ukomo mapema 2027.