Barua ya mwajiri kukulipia masomo ya jioni: kagua saa kabla ya ada

Barua nyingi za ufadhili huwa na aya moja tu: kampuni itamlipia ndugu fulani ada na kumruhusu kuhudhuria masomo ya jioni. Chuo kitaipokea bila shida, kwa kuwa mhasibu wa chuo anaangalia kumbukumbu namba, muhuri, sahihi na jina linalolingana na la kwenye fomu ya udahili. Ugomvi unakuja baadaye, na mara nyingi si wa ada bali wa saa.

Chukua karani wa hesabu wa kampuni ya utalii, ofisi iko karibu na Mnara wa Saa, anasoma Chuo cha Uhasibu Arusha kule Njiro. Mkataba wake ni saa 45 kwa wiki, ambacho ndicho kiwango cha juu cha kawaida katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Yeye anafanya saa 8 kila siku Jumatatu hadi Ijumaa, bila kuhesabu saa ya mapumziko ya mchana, na saa 5 Jumamosi. Jumatatu hadi Ijumaa anaingia saa 2 asubuhi na kutoka saa 11 jioni. Tuseme kipindi kinaanza saa 11 na nusu, siku nne za wiki. Kwa daladala na foleni ya jioni, nusu saa ni ya kubahatisha, kwa hiyo anaomba atoke saa 10. Hapo wiki yake inakuwa ya saa 41.

Barua lazima iseme zile saa 4 ni za nani. Ama kampuni imezitoa, mshahara haupungui, ama atazifidia kwa kuingia saa 1 asubuhi badala ya saa 2 siku hizo nne. Yote mawili yanakubalika. Kisichofaa ni kunyamaza, maana mwisho wa mwezi anayetengeneza mishahara anafuata daftari la mahudhurio, hafuati ahadi ya mdomo ya meneja. Aya inayotosha ni kama hii: "Mtumishi ataruhusiwa kutoka saa 10:00 jioni, Jumatatu hadi Alhamisi, katika kipindi chote cha masomo, bila kukatwa mshahara."

Sasa lile neno la kuogopa: "kazi ikiruhusu". Kwa Arusha neno hilo ni zito, kwa sababu wageni hujaa kuanzia Juni hadi Oktoba, na mitihani ya muhula inaweza kuangukia humo humo. Mwajiri akishikilia kuwa na nafasi ya kukuzuia, hiyo ni haki yake, lakini iwekewe mpaka: kwa mfano si zaidi ya jioni mbili kwa mwezi, kwa taarifa ya siku moja kabla, na kamwe si siku ya mtihani.

Siku za mtihani zina mtego wake. Sheria inampa mwajiriwa likizo ya mwaka ya siku 28, lakini inaruhusu mwajiri kuzipunguza kwa siku za ruhusa yenye malipo ambazo mwajiriwa mwenyewe aliziomba. Ukiomba siku sita za mitihani, zinaweza kurudi kwako kama likizo ya siku 22. Omba iandikwe kwamba ruhusa ya mitihani haitapunguza likizo ya mwaka.

Upande wa fedha, "ada ya masomo" pekee haitoshi. Usajili, mitihani na kitambulisho huwa mistari tofauti kwenye muundo wa ada, kwa hiyo ambatisha muundo huo na barua itaje mistari inayolipwa. Itaje pia nani analipia sapu, yaani mtihani wa marudio, na kukeri, yaani kurudia somo ulilofeli. Waajiri wengi hukataa, na ni afadhali ujue mapema. Chuo cha umma hulipwa kwa kontroo namba inayotolewa kwa kila mwanafunzi. Kampuni ikiwalipia watu watatu kwa namba ya mmoja, wawili wataonekana wanadaiwa hadi siku ya mtihani.

Kisha sharti la kubaki kazini. Ukikuta "akiacha kazi atarudisha gharama zote", rudisha barua. Omba deni lipungue kila mwezi unaofanya kazi baada ya kumaliza. Kampuni ikiwa imelipa shilingi 3,000,000 na sharti ni miezi 24, kila mwezi unafuta 125,000. Ukiondoka baada ya miezi 18, unadaiwa 750,000. Barua iseme pia kwamba ukipunguzwa kazi hudaiwi kitu. Na kwa kuwa sheria inataka ukubali kwa maandishi kabla ya deni kukatwa kwenye mshahara, sahihi yako chini ya aya hiyo ndiyo ruhusa yenyewe. Usitie sahihi ukiwa umesimama mapokezi.

Chuo hakihitaji kuona haya yote. Omba barua mbili: fupi kwa chuo, yenye jina, kozi, mwaka wa masomo na kiasi kitakacholipwa, ndefu kwako, nakala kwa mhasibu na kwa msimamizi wako wa karibu. Huyo msimamizi asikose nakala. Ndiye atakayekuona unabeba begi saa 10.